Kupiga hesabu ya vigae na rangi kutoka kwenye mchoro: sebule yenye umbo la L

Chumba cha mraba au mstatili hakimsumbui mtu: urefu mara upana, kazi imekwisha. Hesabu huharibika kwenye sebule iliyounganishwa na sehemu ya kulia chakula, ile yenye kona iliyoingia ndani, kwa sababu mchoro wake mara nyingi hauandiki pande zote sita. Hapa tunachukua sebule moja ya aina hiyo na kuifuata hatua kwa hatua, kuanzia vipimo vilivyo kwenye karatasi hadi idadi ya boksi za vigae, makopo ya rangi na shilingi za kulipa.

Mchoro wenyewe ni huu, vipimo vikiwa mita:

```
A ---- 3.5 ---- B
|               |
|               ?
4.7             |
|               C ---- ? ---- D
|                             |
|                            3.1
|                             |
F ----------- 6.2 ----------- E
```

Kuna milango miwili ya 0.9 kwa 2.1, madirisha mawili ya 1.5 kwa 1.2, na kimo kutoka sakafuni hadi dari ni 2.7. Kimo hutakiona kwenye mchoro wa sakafu. Kitafute kwenye mchoro wa mkato wa nyumba. Ukubwa wa milango na madirisha nao huwa kwenye jedwali lake, ambalo aghalabu liko ukurasa mwingine wa ramani.

Hatua ya 1: Hakikisha namba unayoisoma inapima nini

Ramani nyingi huandika milimita bila kutaja kipimo, kwa hiyo 6200 ni mita 6.2. Gawa kwa 1,000 kabla ya kuzidisha chochote. Kama ramani ni ya zamani na iko kwa futi, badili kila upande kuwa mita kwanza kwa kuzidisha kwa 0.3048. Usichanganye futi na mita katika hesabu moja hata kama fundi amekuletea upande mmoja kwa futi na mwingine kwa mita.

Swali la pili ndilo linalowaponza wengi: je, kipimo kinaanzia ndani ya ukuta au nje? Fuata mistari midogo iliyo kwenye ncha za mshale wa kipimo, uone inagusa uso upi wa ukuta. Sebule yetu ni 6.2 kwa 4.7 ikipimwa ndani. Kuta zikiwa za tofali la inchi 6, yaani sentimita 15, vipimo vya nje vitasomeka 6.5 kwa 5.0. Ukitumia hivyo vya nje kwa bahati mbaya, sakafu inaongezeka mita za mraba 3.36, na hizo ni zaidi ya boksi mbili za vigae utakazonunua bure.

Tofali tupu likishapigwa plasta, kila ukuta huingia ndani kama sentimita moja na nusu, kwa hiyo chumba hupungua sentimita 3 kila upande. Kwa vigae hiyo si tofauti kubwa ya pesa, lakini ni kubwa pale fundi anapopanga mistari. Kama nyumba imeshapigwa plasta, pima kwa futi kamba uandike namba zako juu ya mchoro.

Hatua ya 2: Tafuta pande ambazo hazikuandikwa

Pande zilizolala upande mmoja lazima zijumlike sawa. Chini kuna 6.2. Juu kuna 3.5 pamoja na upande wa C hadi D, kwa hiyo CD ni 6.2 kutoa 3.5, yaani 2.7. Vivyo hivyo kushoto kuna 4.7 na kulia kuna 3.1, kwa hiyo BC ni 4.7 kutoa 3.1, yaani 1.6.

Andika namba hizo mbili kwenye mchoro kabla ya kuendelea. Kosa la kawaida hapa ni kuchukua 3.5 na 3.1 na kuzifanya vipimo vya kipande kilichokatwa. Kipande kilichokatwa ni 2.7 kwa 1.6. Namba za 3.5 na 3.1 ni za sakafu iliyobaki.

Hatua ya 3: Eneo la sakafu, kwa njia mbili

Gawa umbo kwa mstari unaotoka C kwenda kushoto. Chini unapata mstatili wa 6.2 kwa 3.1, ambao ni 19.22. Juu unapata 3.5 kwa 1.6, ambao ni 5.60. Jumla ni mita za mraba 24.82.

Sasa hakiki kwa njia ya pili: mstatili mzima wa 6.2 kwa 4.7 ni 29.14, kona iliyokatwa ya 2.7 kwa 1.6 ni 4.32, na 29.14 kutoa 4.32 ni 24.82. Njia hizi mbili zikitoa majibu tofauti, kuna upande umeukosea kwenye hatua iliyopita. Rudi huko na usiendelee mbele, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinategemea namba hii.

Hatua ya 4: Kutoka eneo kwenda idadi ya boksi

Tuseme umechagua vigae vya sentimita 60 kwa 60. Kimoja kinafunika 0.36, na boksi la vinne linafunika 1.44. Soma namba hiyo kwenye boksi lenyewe, kwani vigae vya ukubwa mwingine hupakiwa kwa idadi tofauti na viwanda havifanani.

Ukigawa 24.82 kwa 1.44 unapata 17.24, na wengi hupandisha hadi 18 na kwenda dukani. Boksi 18 ni vigae 72. Ni vichache mno kwa usalama, na sababu inaonekana ukipanga vigae juu ya mchoro.

Anzia kona F. Kwenye mita 6.2 vinaingia vigae 10 vizima, inabaki sentimita 20. Nafasi za grauti za milimita 3 zikitolewa, kinachobaki ni kama sentimita 17. Kwa hiyo kila mstari mrefu unaishia na kipande chembamba ukutani. Mistari mitano mirefu inahitaji vigae 50 vizima na vipande vitano, na vipande hivyo vinapatikana kwa kukata vigae viwili. Mstari wa sita unagonga kona C: unahitaji vigae vitano vizima, kimoja kinachokatwa umbo la L kuizunguka kona, na kingine cha kuchana vipande vyembamba vinavyomalizia ukuta wa CD. Mstari wa saba na wa nane kila mmoja unahitaji vigae sita, na ule wa nane wote lazima upunguzwe. Jumla ni 52 na 7 na 12, yaani 71.

Kwa hiyo kwa mpangilio rahisi kuliko yote, boksi 18 zinakuachia kigae kimoja tu cha akiba, na hapo hakuna kilichovunjika wala kukatwa vibaya.

Lakini fundi mzuri hapendi kipande cha sentimita 17 ukutani wakati upande wa pili kuna kigae kizima, hasa kama ukuta huo ndio unaotazamana na mlango. Atasogeza mistari ili pande zote mbili zipate vipande vya karibu sentimita 40. Sura ya sakafu inapendeza zaidi, ila kigae kilichokatwa sentimita 40 kinabakiza 20 tu, na hicho kilichobaki hakiwezi kujaza upande wa pili. Sasa kila mstari mrefu unakula vigae 11, mitano ni 55. Mstari wa sita unapanda hadi 8, na miwili ya mwisho inabaki 12. Jumla ni 75. Chumba hakijabadilika, eneo ni lilelile, na bado vigae vimeongezeka vinne.

Ndiyo maana kanuni ya kuongeza asilimia 10 inatosha tu mahali fulani. Hapa ingekupa 24.82 mara 1.1, yaani 27.3, ambazo ni boksi 19 au vigae 76. Kwa mpangilio wa kuanzia kona zinatosha vizuri. Kwa mpangilio wa kusawazisha pande zote, unabakiwa na kigae kimoja. Vigae vikubwa katika chumba chenye kona nyingi hupoteza zaidi kuliko vidogo, na kulaza vigae kimshazari hupoteza zaidi ya hapo. Kubaliana na fundi mpangilio gani atautumia kabla ya kununua.

Kabla hajaanza, mwambie apime pia mishazari ya sehemu ya chini ya sebule, ile ya 6.2 kwa 3.1. Yote miwili inapaswa kuwa karibu mita 6.93. Ikitofautiana kwa sentimita kadhaa, kona haijakaa pembe mraba na vipande vya ukutani vitakuwa vipana upande mmoja na vyembamba upande mwingine. Hilo huongeza vigae vya kukata.

Hatua ya 5: Skatingi, gundi na grauti

Skatingi, yaani ule mkanda wa kigae unaopanda ukutani chini, hupimwa kwa mita za urefu. Jumlisha pande zote sita: 6.2, 3.1, 2.7, 1.6, 3.5 na 4.7. Mzingo ni mita 21.8. Toa milango miwili ya 0.9, inabaki mita 20. Kigae kimoja cha 60 kikichanwa kwa kimo cha sentimita 10 kinatoa vipande vitano salama. Hesabu ya karatasi inasema sita, lakini jiwe la mashine hula milimita kadhaa kila linapopita, hivyo cha sita hutoka kifupi. Vipande vitano ni mita 3, kwa hiyo mita 20 zinahitaji vigae 7, na kimoja zaidi kwa ajili ya kona. Weka 8.

Sasa jumlisha: sakafu 75, skatingi 8, akiba 5. Ni vigae 88, sawasawa na boksi 22. Vile vipande vya sentimita 20 vilivyobaki kwenye mistari mirefu vinafaa kuziba sakafu chini ya milango, ambako unene wa ukuta haukuhesabiwa kwenye eneo la chumba. Vingine fundi makini anaweza kuvichana skatingi. Usivipunguze kwenye hesabu kabla havijakatwa salama. Ni bora muulize muuzaji kama anapokea boksi lisilofunguliwa likirudishwa.

Nunua zote siku moja na ukague namba ya toleo iliyopigwa ubavuni mwa boksi. Vigae vya jina moja na muundo mmoja lakini toleo tofauti hutofautiana rangi kidogo, na wakati mwingine ukubwa kwa milimita moja. Dukani huwezi kuona. Vikishalazwa pamoja kwenye mwanga wa dirisha, mstari unaonekana.

Kwa vigae vya 60, gundi iliyopakwa kwa mwiko wa meno ya milimita 10 hutumia kama kilo 5 kwa mita ya mraba. Sakafu na skatingi pamoja ni karibu 26.8, kwa hiyo kilo 134, ambazo kwa mifuko ya kilo 25 ni mifuko 6. Namba hiyo ni ya sakafu iliyonyooka. Kila milimita moja ya ziada ya unene hula karibu kilo moja na nusu kwa kila mita ya mraba. Sakafu iliyobonyea kwa wastani wa milimita 5 itameza kilo nyingine 186, yaani karibu mifuko 7 na nusu. Fundi akilalamika kuwa gundi imeisha nusu ya chumba, chukua rula ndefu ya alumini uilaze sakafuni: ukiona mwanga unapita chini yake, jibu umelipata. Kusawazisha sakafu kwa saruji na mchanga kabla ya vigae ni nafuu kuliko kuisawazisha kwa gundi.

Grauti ni kidogo. Kwa nafasi ya milimita 3 na kigae cha unene wa milimita 9, sakafu nzima inatumia kama kilo 4. Nunua kilo 5.

Hatua ya 6: Kuta

Huna haja ya kuhesabu ukuta mmoja mmoja. Ukizifungua kuta zote sita zikasimama kwenye mstari mmoja, zinakuwa mstatili mmoja wenye urefu sawa na mzingo. Zidisha 21.8 kwa 2.7, unapata 58.86. Milango miwili ni 3.78, madirisha mawili ni 3.60. Kinachobaki ni mita za mraba 51.48.

Mbavu za madirisha, ule unene wa ukuta unaozunguka fremu, huongeza kama mita moja ya mraba. Skatingi nayo inafunika mbili. Viwili hivyo hukaribia kufidiana, hivyo viache.

Kosa kubwa la rangi liko kwenye namba iliyoandikwa kwenye kopo. Kopo likisema lita moja inafunika mita za mraba 10 hadi 12, hiyo ni kwa mkono mmoja na kwenye ukuta laini. Rangi ya juu hupigwa mikono miwili, kwa hiyo eneo la kupaka si 51.48 bali 102.96. Tukichukua 10 kwa lita, ni lita 10.3. Kwa makopo ya lita 4 hayo ni matatu. Ukuta wa plasta ya mchanga ambao haujapigwa skimu una vishimo vingi vidogo, na lita inaweza kufunika mita 7 au 8 tu. Hapo kazi hiyohiyo inataka lita 13 hadi 15, yaani makopo manne.

Ukuta mpya unahitaji praima mkono mmoja kabla ya rangi. Plasta mbichi hunyonya, kwa hiyo hesabu mita 8 kwa lita: 51.48 gawa kwa 8 ni lita 6.4, makopo mawili ya lita 4. Anayeruka praima ili aokoe pesa hulipa mara ya pili kwa rangi ya juu, kwani mkono wa kwanza unazama ukutani na kuacha mabaka. Na plasta ikiwa bado na unyevu, rangi itavimba na kubanduka hata kama lita zilikuwa sahihi. Iache ikauke vizuri kwanza.

Dari haimo kwenye namba hizi. Kama nayo inapakwa, eneo lake ni lilelile la sakafu, 24.82, na rangi yake hununuliwa peke yake.

Hatua ya 7: Weka bei

Bei zifuatazo ni za mfano tu, kwa shilingi za Tanzania. Badili kila moja kwa bei ya duka lako, hesabu yenyewe inabaki ileile.

- Vigae: boksi 22 kwa 36,000 = 792,000
- Gundi: mifuko 6 kwa 18,000 = 108,000
- Grauti kilo 5 = 15,000
- Ufundi wa sakafu: 24.82 kwa 8,000 = 198,560
- Ufundi wa skatingi: mita 20 kwa 2,000 = 40,000
- Praima: makopo 2 kwa 20,000 = 40,000
- Rangi ya juu: makopo 3 kwa 32,000 = 96,000
- Ufundi wa rangi, mikono yote: 51.48 kwa 3,000 = 154,440

Vigae na kazi yake ni 1,153,560. Rangi na kazi yake ni 290,440. Jumla ni 1,444,000, bila usafiri wala skimu.

Angalia tofauti kati ya mistari ya vifaa na ya ufundi. Vifaa hupandishwa hadi boksi zima au kopo zima, kwa sababu duka halikati boksi. Ufundi haupandishwi: fundi analipwa kwa eneo alilofanyia kazi. Wapo wanaozidisha idadi ya boksi kwa 1.44 na kudai hayo ndiyo mita za mraba. Kwa boksi 22 ingekuwa 31.68 badala ya 24.82, na kwa 8,000 kwa mita ungelipa 54,880 za ziada kwa vipande vilivyotupwa, kwa vigae vya akiba, na kwa skatingi ambayo tayari inalipwa kivyake. Kwa upande wa rangi, kubalianeni mapema kama milango na madirisha yanatolewa. Wapaka rangi wengi hawayatoi, kwa sababu kuzunguka fremu bila kuichafua kunachukua muda kuliko ukuta mtupu, na hiyo ni hoja ya haki. Katika sebule hii tofauti ni mita 7.38, shilingi 22,140. Andikeni mlichokubaliana pembeni mwa mchoro, pamoja na zile namba mbili ulizotafuta mwenyewe, 2.7 na 1.6, ili fundi na wewe msome karatasi moja.

Upange pia mfuatano wa kazi. Praima na mkono wa kwanza wa rangi vitangulie vigae, na mkono wa mwisho upigwe baada ya skatingi kushika na grauti kukauka. Ukimaliza rangi yote kwanza, gundi ya skatingi itachafua ukuta kuzunguka chumba kizima, na kopo la nne utalinunua kwa ajili ya kurekebisha sentimita 20 za chini.